Barua ya Kurudisha Nafasi

Leo ningependa tuzungumze juu ya barua ambayo hatufundishwi darasani. Barua ya kuomba kazi tumeizoea, hata mwanafunzi wa shule ya sekondari anajua mahali pa kuweka anwani mbili na jinsi ya kupiga mstari chini ya MINT. Lakini barua ya kusema, "Mlinipa nafasi nikaikubali, sasa naomba kuiacha kwa sababu nimepata iliyo bora," hiyo sijaiona katika kitabu chetu chochote cha insha. Na huenda wengi wetu tukaihitaji mapema kuliko tunavyodhani. Ukifika chuoni utatakiwa kwenda uanagenzi, ambao wanavyuo wenyewe huuita atachimenti. Kwa kuwa nafasi ni adimu kama maziwa ya kuku, mwanachuo huomba kwa makampuni kumi au hata kumi na tano kwa mpigo. Anayejibu kwanza ndiye anayekubaliwa. Anayejibu baadaye mara nyingi ndiye aliyekuwa akitakiwa tangu mwanzo. Hapo sasa ndipo penye kazi.

Jambo hili tulilijadili katika chama chetu muhula uliopita na wenzangu wakagawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema ahadi ni deni, ukishatia sahihi umetia, utakwenda huko huko hata kama roho haitaki. Upande wa pili ulisema ati kampuni haina moyo wa kuumia, nyamaza tu, siku ya kuripoti wasipokuona watajua wenyewe. Watu walicheka sana, na huyo aliyesema hivyo akapigiwa makofi. Mimi sikupiga.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikosea shabaha. Nakubali kwamba ahadi ni deni, lakini hebu tuulize ni deni la nini. Kampuni haikukupa fedha. Ilikuwekea kiti kimoja na muda wa fundi mmoja wa kukufundisha. Deni kama hilo linaweza kulipwa kwa kukirudisha kiti kingali na manufaa, yaani mapema, ili mtu mwingine aweze kukikalia. Ukikirudisha siku ya mwisho umerudisha kitu kisicho na kazi, hata ukiandika barua yenye maneno matamu kama asali. Ndiyo maana nasema wema wa kampuni kwako hutegemea mambo mawili tu: siku ambayo barua imefika, na ukweli wa sentensi moja inayotoa sababu. Mengine yote ni mapambo.

Nitaeleza kisa nilichokishuhudia kwa macho yangu. Dada yangu, binti ya mama mkubwa, anasomea stashahada ya uhandisi wa umeme. Mwaka 2025 alitakiwa kufanya uanagenzi wa wiki 12 kuanzia Jumatatu tarehe 5 Mei. Karakana moja ya kusuka upya waya za mota zilizoungua ilimjibu mapema, naye akaandika barua ya kukubali tarehe 10 Machi. Haikuwa na posho. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 200 kwa siku, na siku za kazi zilikuwa 60, kwa hiyo mama mkubwa alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya kutafuta shilingi 12,000. Kisha Ijumaa tarehe 4 Aprili, kampuni kubwa inayoshughulika na mitambo ya kuzalisha umeme ikampigia simu. Wangempa mahali pa kulala, posho kidogo ya chakula, na zaidi ya yote angefanya kazi kwenye transfoma na swichi kubwa za umeme, mambo yale yale anayotaka kuyaandikia mradi wake wa mwisho. Walitaka jibu kufikia Jumatano tarehe 9.

Dada alikuwa na furaha riboribo. Usiku ule ule alichukua kalamu aiandikie karakana. Bahati njema mjomba alikuwa amekuja kututembelea. Mjomba alifanya kazi ya ukarani wa masjala kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na barua za watu alizozifungua hazina idadi.

"Hiyo kampuni ya pili imekupa barua?" akauliza.

"Bado, mjomba. Wamepiga simu tu."

"Basi weka hiyo kalamu chini. Simu si barua. Ukiachilia hii na ile ikuteleze, tarehe tano utaripoti wapi? Kwa mama yako?"

Hili ndilo jambo la kwanza, na ndipo watu wengi hujikwaa. Huachi la mkononi kwa sababu ya sauti ya simu. Dada alisubiri hadi Jumamosi asubuhi, barua pepe ya kampuni ya pili ilipoingia. Ilikuwa na tarehe ya kuanza, jina la idara na jina la msimamizi wake. Aliijibu kuikubali siku hiyo hiyo. Baada ya hapo hakuwa tena na sababu ya kungoja. Angengoja hata wiki moja ingekuwa ni kula siku za watu.

Naomba tukae hapa kidogo kwenye hesabu ya siku, maana ndiyo kiini cha maoni yangu. Karakana ile ilikuwa na nafasi mbili tu za wanagenzi. Baada ya dada kukubali, bila shaka waliwajibu wengine kwamba nafasi zimejaa. Fundi mkuu alikwisha kuambiwa atapata msichana wa kumsaidia, na pengine hata ovaroli ilikuwa imeagizwa kwa kipimo chake. Kutoka Jumatatu tarehe 7 Aprili hadi tarehe 5 Mei ni siku 28. Kwa siku 28 karakana inaweza kurudia rundo la maombi, kumpigia mwingine simu, na huyo mwingine akaenda chuoni kuchukua barua ya utambulisho na karatasi za bima. Kwa siku tatu hayo yote hayawezekani. Kiti kitabaki kitupu kwa wiki 12, na fundi atakuwa anakitazama kila siku akikumbuka jina lako.

Kuna mwenzangu mmoja wa Kidato cha Nne aliyeniuliza kama sheria inasema lolote. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 35, inasema kwamba mkataba wa kazi ambao mshahara wake hulipwa kwa mwezi unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Dada hakuwa ameajiriwa, hakuwa na mshahara, wala hakuwa ameanza, kwa hiyo sisemi kwamba kifungu hicho kilimfunga. Nasema ni kipimo kizuri. Ikiwa anayelipwa kila mwezi anatakiwa kutoa siku 28, wewe usiyelipwa ukitoa siku kama hizo hakuna atakayesema umemtupa. Ila usome kwanza ile barua uliyotia sahihi. Baadhi ya makampuni huweka masharti yao ya kujiondoa humo humo, na hapo utafuata yaliyoandikwa na si kipimo changu.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Jumapili jioni dada alisoma mbele yetu barua ya kwanza aliyoiandika. Ilijaza kurasa mbili. Ilianza kwa kuwapongeza karakana kwa kazi yao nzuri inayojulikana kote nchini, jambo ambalo si kweli, maana hata sisi wenyewe tuliijua baada ya yeye kuomba. Ikaendelea kusema jinsi alivyokosa usingizi. Katika ukurasa wa pili, karibu na mwisho, ikasema mama yake ni mgonjwa hivyo hataweza kufika. Mama mkubwa alikuwa jikoni akikaanga mboga. Aliposikia anaumwa alitoka na mwiko mkononi.

"Mimi ndiye mgonjwa? Tangu lini?"

Tulicheka, lakini mjomba hakucheka. Alieleza kwa nini uongo huo ni hatari. Watu wa umeme katika mji mmoja wanajuana. Fundi wa karakana hutumwa kutengeneza mota za kampuni kubwa, na wahandisi wa kampuni kubwa huja karakana kuchukua vifaa. Mnamo Juni angekutana nao getini akiwa na ovaroli ya kampuni nyingine, huku mama yake anayedaiwa kuwa kitandani akiuza mboga sokoni. Na kuna jambo jingine ambalo sisi wanafunzi hatulijui. Barua ya maombi, barua ya kukubali na barua ya kujiondoa zote huwekwa katika faili moja yenye jina lako. Ukija kuomba kazi miaka mitatu baadaye, karani huitoa faili hiyo yote na kuipeleka juu ya meza ya meneja.

Basi wakaanza upya. Dada alitaka kuandika kwamba amepata kampuni yenye posho na mitambo mikubwa zaidi. Hilo ni kweli tupu, lakini mjomba alilikataa pia, nami naona alikuwa na haki. Mtu aliyekukaribisha nyumbani kwake huhitaji kumwambia kwamba kwa jirani kuna wali na nyama. Sababu inayofaa ni ile iliyo kweli kisha ihusu masomo yako, isiwe kipimo cha nyumba yake. Hakuna haja ya kuitaja kampuni ya pili kwa jina. Wakikuuliza kwa simu, jibu kweli, lakini usianze wewe.

Baada ya kufuta na kuandika, barua ilikuwa hivi. Dada aliipeleka kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya maofisi yetu, ingawa Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na binafsi sioni kwa nini isingepelekwa kwa Kiswahili. Nimeigeuza mimi, na majina na anwani nimeyaacha.

7 Aprili 2025

Kwa Bwana Meneja,

MINT: KUJIONDOA KATIKA NAFASI YA UANAGENZI, 5 MEI HADI 25 JULAI 2025

Naandika kukujulisha kwamba sitaweza kuichukua nafasi ya uanagenzi niliyoikubali kwa barua yangu ya tarehe 10 Machi 2025. Nathibitisha hivyo baada ya mazungumzo yetu ya simu ya leo asubuhi.

Nimepata nafasi nyingine inayohusu mitambo ya kuzalisha umeme, ambayo ndiyo mada ya mradi wangu wa mwisho chuoni. Niliikubali Jumamosi, na nimeona ni haki mjue mapema ili nafasi yangu apewe mwingine.

Naomba radhi kwa usumbufu niliouleta katika mipango yenu, hasa kwa fundi mkuu aliyekwisha kunipangia kazi. Nashukuru kwamba mlinijibu upesi mkanipa nafasi wakati nilikuwa sina nyingine.

Mwanafunzi mwenzangu wa darasa moja bado hajapata mahali, na ameniruhusu niwataarifu. Mkipenda, naweza kumwambia alete maombi yake.

Wako mwaminifu.

Ni hiyo tu. Itazame vizuri uone ilivyojengwa. Habari yenyewe iko katika sentensi ya kwanza, kwa sababu meneja akifungua bahasha anataka kujua anaulizwa nini au anaambiwa nini. Ile ya kurasa mbili ingemlazimu asome sifa zake hadi ukurasa wa pili ndipo ajue kwamba anaachwa, na hapo zile sifa zote zingegeuka kuwa kama dhihaka. Tarehe za uanagenzi ziko kwenye MINT ili karani aipate faili bila kuuliza. Msamaha umeombwa mara moja, tena kwa jambo linalojulikana, yaani mpango wa fundi. Ukiomba radhi mara tano unamfanya msomaji aanze kutafuta kosa ambalo pengine hakuliona. Na shukrani nayo ni ya jambo lililotendeka kweli: walimjibu upesi.

Lile neno "sitaweza" pia lilibishaniwa. Dada alikuwa ameandika "naomba mniruhusu nijiondoe." Inasikika kama adabu, lakini ni mtego. Ukiomba ruhusa umewaachia uamuzi, na wakikujibu "hatukuruhusu" utafanyaje, ilhali kwingine umekwisha kukubali? Heshima iwe katika sauti ya barua, lakini uamuzi uwe wazi. Kadhalika usiandike kwa namna ya kupiga bei, kwamba "wenzenu wananipa posho, ninyi je?" Hapo si kujiondoa tena, ni mnada. Mkikubaliana kwa bei ile utafanya kazi miezi mitatu na watu wanaokutazama kwa jicho la pembeni.

Juu ya kumtaja mwanafunzi mwenzako, nina tahadhari. Mtaje tu ikiwa amekubali, na ikiwa unajua anaiweza kazi. Usimtaje kama fidia, kana kwamba unalipa mbuzi kwa mbuzi. Wao ndio wanaochagua, na pengine wana orodha yao.

Simu ilitangulia barua. Jumatatu saa tatu kasorobo asubuhi dada alimpigia meneja mwenyewe, maana ndiye aliyetia sahihi barua ya kumpa nafasi. Aliongea kwa dakika mbili hivi. Wapo wanaosema simu pekee yatosha, au ujumbe wa Wosapu. Mimi nasema simu ni ya utu na barua ni ya faili. Bila simu, mtu anapata habari kutoka kwa karatasi baridi. Bila barua, meneja akienda likizo hakuna mwingine ofisini ajuaye kwamba uliaga, na katika faili itabaki kuonekana ulikubali kisha ukapotea. Mchana dada aliipeleka barua kwa mkono, nakala mbili. Moja ilibaki, na ya pili karani akaipiga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe akamrudishia. Aidha aliituma kwa barua pepe. Nakala yenye muhuri aliiweka pamoja na vyeti vyake.

Wa mwisho kuarifiwa asisahauliwe, naye ni chuo. Mwalimu anayesimamia uanagenzi huandika orodha ya mahali kila mwanafunzi alipo, kisha hupanga safari ya kuwatembelea. Karatasi za bima na barua ya utambulisho huenda zimetaja kampuni ya kwanza. Usipobadilisha, mwalimu atafunga safari hadi karakana akuulizie, aambiwe ulikataa zamani, na aibu itakuwa ya chuo kizima. Dada alibadilisha Jumanne. Ilimchukua nusu siku ya kupanga foleni.

Sidai kwamba njia hii yafaa kila mahali. Zikiwa zimebaki siku mbili au tatu, mimi ningesema nenda kule ulikoahidi, hata kama pengine ni bora. Hapo huna cha kurudisha, kiti kimekwisha kuharibika mkononi mwako. Kama nafasi ulitafutiwa na mwalimu wako au jirani aliyeweka jina lake mbele, mwendee yeye kwanza kabla ya kampuni, kwa kuwa atakayeulizwa ni yeye. Ukikwisha kuanza kazi, hiyo ni habari nyingine kabisa na barua hii haikuhusu. Pia lazima ile nafasi ya pili iwe bora kweli kwa masomo yako. Kuacha kwa sababu kule kuna majengo marefu na watu wa kufunga tai, la hasha, sababu kama hiyo hata kuiandika ingekushinda.

Na hata ukifanya yote sawasawa, yawezekana meneja akakasirika. Ana haki yake. Mwenzangu aliyesema kampuni haina moyo alisahau kwamba barua husomwa na mtu. Meneja wa karakana alipopigiwa simu, dada anasema alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwa nini hukutuambia kwamba uliomba kwingine?" Dada akamjibu kwamba aliomba kwingi kwa sababu hakujua nani angemjibu. Akasema haya, leta barua.

Jibu lilikuja Ijumaa tarehe 11 Aprili kwa barua pepe, mistari mitatu. Walisema wamempa mwingine kutoka orodha yao, wanamtakia heri, na akimaliza masomo anaweza kuomba kazi kwao kama wengine. Mwanafunzi aliyetajwa katika barua aliitwa pia, kwa kuwa mmoja wao alikuwa hajathibitisha, lakini alikuwa amepata mahali huko kwao nyumbani siku moja kabla, naye akaomba dada amfundishe jinsi ya kuwaandikia.